Deni Lisilolipika: Ziwa Kivu na Kanuni Mbili za Sheria

Katika sheria za mazingira za siku hizi mna kanuni mbili ambazo kila akaaye kando ya Ziwa Kivu yampasa azijue. Ya kwanza yasema: aliyechafua ndiye alipe. Ya pili yasema: penye hatari ya madhara makubwa yasiyoweza kurekebishwa, watu wasingoje mpaka wataalamu wawe na hakika kamili ndipo wachukue hatua. Ya kwanza huitwa kanuni ya mchafuzi hulipa, na ya pili huitwa kanuni ya tahadhari.

Kanuni hizi zote mbili zilitamkwa mbele ya mataifa katika mkutano wa Rio de Janeiro, nchini Brazili, mwezi wa Juni 1992. Kongo nayo ilizitia katika sheria yake ya misingi ya kulinda mazingira, iliyotolewa tarehe 9 Julai 2011. Basi si maneno ya wageni tu. Ni sheria ya nchi.

Watu wengi hudhani ya kuwa kanuni hizi ni jambo moja lenye majina mawili. Sivyo. Kila moja ina kazi yake, na kila moja ina mahali inapokoma. Tukiangalia vizuri tutaona ya kuwa pale nguvu ya kwanza inapokwisha, ndipo kazi ya pili inapoanza. Wala hakuna mahali panapoonyesha jambo hili waziwazi kuliko mji wetu wa Goma.

GARAJI KANDO YA NJIA

Tuanze na mambo madogo ya kila siku. Tuseme yupo fundi mwenye garaji kando ya njia. Kila jioni huwa na lita kadhaa za oli iliyoungua, nyeusi kama makala, aliyoitoa katika injini za motokari. Nyuma ya garaji pana ufa katika mwamba wa lava. Fundi aimwaga oli ile humo, nayo yatoweka mbele ya macho yake. Yeye adhani imekwisha.

Lakini ardhi ya Goma si udongo mnene unaoweza kushika uchafu. Ni mawe ya volkano yenye nyufa na matundu, na kimiminacho hupita ndani yake upesi kikishuka kuelekea ziwani. Na katika ziwa lile lile watu huteka maji kwa bidoni, wakayapeleka nyumbani kichwani au kwa chukudu.

Sasa tupige hesabu. Tuseme ya kuwa kukusanya oli ile katika pipa, na kuipeleka mahali pa kuihifadhi, kungemgharimu fundi franka 20,000 kwa mwezi. Kwa kuwa anaimwaga, aona amebakiza franka 20,000 mfukoni. Je, gharama ile imepotea? La, haikupotea hata kidogo, imehama tu. Mama aliyelazimika kwenda mbali kutafuta maji safi ameilipa sehemu yake. Mvuvi aliyekosa samaki karibu na ufuko ameilipa sehemu yake. Mzazi aliyenunua dawa za mtoto ameilipa sehemu yake. Hao wote wanalipa deni la mtu mwingine, tena bila kuulizwa na bila kujua.

Hiyo ndiyo maana ya kanuni ya mchafuzi hulipa. Yairudisha gharama kwa yule aliyeizaa. Ilianza kama shauri la wataalamu wa uchumi, nayo ilikubaliwa mwaka 1972 na OECD, jumuiya ya nchi tajiri za viwanda. Hoja yao ilikuwa nyepesi: bei ya kazi yoyote ni sharti iwe na gharama zake zote ndani yake. Fundi akijua ya kuwa atalipa kwa kila lita aliyoimwaga, kesho yake atatafuta pipa, na kesho kutwa atamtafuta mtu wa kuinunua oli ile kuukuu. Kwa hiyo shabaha ya kwanza ya kanuni hii si kuadhibu. Shabaha yake ni kumfanya mtu aone mapema kwamba kuchafua kuna bei.

Hapa yafaa tuondoe kosa moja linalosikika mara nyingi. Wako wasemao, "Basi, mwenye fedha anunue ruhusa ya kuchafua." Sheria haisemi hivyo. Jambo lililokatazwa hubaki limekatazwa hata kwa mwenye mali nyingi. Kulipa ni deni la madhara. Si tikiti ya kuyaleta.

Katiba ya Kongo, iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006, yalitaja jambo hili. Katika kifungu cha 53 yasema kila mtu ana haki ya kuishi katika mazingira safi, na tena ana wajibu wa kuyalinda. Katika kifungu cha 54 yasema uchafuzi au uharibifu wowote utokao katika kazi ya kiuchumi huleta fidia au marekebisho. Nayo sheria ya mwaka 2011 yaeleza zaidi: gharama za kuzuia uchafuzi, za kuupunguza, na za kuparudisha mahali palipoharibika katika hali njema, zote ni za mchafuzi.

Lakini ili kanuni hii ifanye kazi, mambo manne sharti yawepo. Kwanza, mchafuzi ajulikane. Pili, madhara yaonekane na kupimika. Tatu, pawe na kamba ya ushahidi inayoyafunga madhara yale na tendo la mtu yule. Nne, mchafuzi awe bado yupo, tena ana kitu cha kulipia. Likikosekana moja tu katika hayo manne, deni litabaki shingoni mwa maskini.

BATRI ZA MOMBASA

Ili tuone kanuni hii ikifanya kazi kwelikweli, na tuone pia inavyochelewa, twende hadi pwani ya Kenya.

Huko Mombasa kuna kijiji cha mjini kiitwacho Owino Uhuru, chenye watu wapatao 3,000. Mwaka 2007 kiwanda kilianza kazi ukutani mwake. Kazi yake ilikuwa kuvunja batri kuukuu za motokari na kuyeyusha madini ya risasi yaliyomo ndani, ili yauzwe upya. Moshi na vumbi viliangukia mapaa ya nyumba, na maji machafu yalitiririka kati ya vibanda. Risasi ni sumu iingiayo mwilini polepole. Hukaa katika damu na mifupa, na kwa watoto wadogo hudhuru ubongo.

Mwanamke mmoja aliyeajiriwa katika kiwanda hicho, Bi Phyllis Omido, alimwona mtoto wake akiugua. Damu ya mtoto ilipopimwa, ilikutwa na risasi. Mama huyo akaacha kazi akaanza kuwakusanya majirani. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Wanakijiji wakaenda mahakamani, na mwezi wa Julai 2020 mahakama ya mazingira na ardhi ya Mombasa ikaamua walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, na mahali pale pasafishwe. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani iliitengua fidia ile. Watu hawakukata tamaa, wakapanda hadi Mahakama ya Juu Kabisa, nayo mwezi wa Desemba 2024 ikairudisha.

Kesi hii yatufunza mambo matatu. Jambo la kwanza, mahakama haikuwatazama wenye kiwanda peke yao. Ofisi za serikali zilizopaswa kukikagua kiwanda, zikanyamaza, nazo zilitiwa katika deni. Maana anayetoa ruhusa bila kuangalia amekuwa mwenzi wa mchafuzi.

Jambo la pili ni juu ya ushahidi. Yale mambo manne tuliyoyataja yalikuwepo: kiwanda kilijulikana, risasi ilipimika katika damu na katika udongo, na hapakuwa na sababu nyingine kijijini iliyoweza kueleza kwa nini risasi ilikuwa nyingi namna ile. Fundi wa Goma aliye peke yake kando ya njia ni vigumu zaidi kumkamata, kwa sababu oli yake huchanganyika na ya mafundi wengine, na ushahidi hupotea maweni.

Jambo la tatu ndilo zito kuliko yote. Tangu kiwanda kuanza hadi hukumu ya mwisho ilipita miaka 17. Mtoto aliyekuwa mchanga wakati ule alikuwa amekwisha kuwa kijana. Shilingi zaweza kununua dawa na kusafisha udongo. Haziwezi kumrudishia kijana yule ubongo aliozaliwa nao. Hapo twaona mpaka wa kanuni ya kwanza. Hutoza deni, lakini si kila deni hulipika.

ZIWA LENYE CHUPA NDANI YAKE

Sasa turudi nyumbani. Wazee wa Goma na Sake walijua zamani ya kuwa kuna mabonde madogo ambayo mbuzi akishuka humo hulala asiamke. Twayaita mazuku. Hewa ya ukaa hutoka chini ya mawe ya volkano, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa tunayovuta, hutulia bondeni kama maji katika bakuli. Haionekani wala hainuki. Mtu mzima aliyesimama huenda akapona, na mtoto aliye karibu na ardhi akafa.

Hewa hiyo hiyo imo katika vilindi vya Ziwa Kivu, kwa wingi usiofikirika. Ziwa lina kina cha mita 485 mahali palipo chini kabisa. Wataalamu wamepima na kukuta hewa ya ukaa kama kilomita za ujazo 300, pamoja na gesi ya methani kama kilomita za ujazo 60. Kwa nini haitoki? Fikiri chupa ya soda. Kabla ya kufunguliwa, gesi imo ndani ya maji na haionekani, kwa maana imebanwa na kizibo. Katika ziwa letu kizibo ni uzito wa maji yenyewe. Maji ya vilindini yana chumvi nyingi na ni mazito, kwa hiyo hayapandi juu wala hayachanganyiki na yale ya juu. Yamekaa chini kwa muda mrefu sana, yakikusanya gesi.

Iwapo kitu kingeyasukuma maji yale juu kwa nguvu, uzito unaoyabana ungepungua, mapovu yangeanza, na mapovu yangeyavuta maji mengine nyuma yake. Jambo la namna hii limekwisha kutokea nchini Kameruni. Tarehe 21 Agosti 1986, usiku, ziwa dogo liitwalo Nyos lilitapika hewa yake ya ukaa. Wingu zito lilishuka mabondeni, na watu wapatao 1,700 walikufa, wengine wakiwa wamelala vitandani, pamoja na maelfu ya mifugo. Ziwa lile lina eneo lisilofika kilomita za mraba mbili. Ziwa Kivu lina kilomita za mraba kama 2,400, na kandokando yake wanaishi watu wapatao milioni mbili.

Tusitishike kupita kiasi. Vipimo vyaonyesha ya kuwa gesi iliyomo katika vilindi vya Kivu ni kama nusu tu ya ile ambayo maji yale yangeweza kuibeba kabla ya kuanza kutoa mapovu yenyewe. Ziwa halipo ukingoni. Lakini swali la sheria labaki. Ikiwa mtu au kampuni ingeliharibu tulizo la maji yale, ni nani angelipa? Ni hazina gani ingetosha? Na wangelipwa akina nani, kama wenye kudai wote wamekufa? Kati ya yale mambo manne, ushahidi na mali vingekosekana. Na kama mchochezi angekuwa mlima Nyiragongo, hata mchafuzi asingekuwepo, mlima haushtakiwi. Hili ndilo deni lisilolipika, na kwa ajili yake sheria imeweka kanuni ya pili.

UYOGA WA MSITUNI

Kanuni ya tahadhari yajulikana katika kila jiko. Mtoto aleta uyoga kutoka msituni. Mama auangalia, wafanana na ule uliwao, lakini hana hakika. Hamwambii mtoto, "Nithibitishie ya kuwa una sumu, la sivyo nitaupika." Auweka kando. Kwa nini? Kwa sababu akikosea kwa kuutupa, atakuwa amepoteza kitoweo cha siku moja. Akikosea kwa kuupika, atakuwa amepoteza jamaa yake. Makosa hayo mawili hayalingani. Hiyo ndiyo mizani ya kanuni ya tahadhari.

Inafaa tuitofautishe na kinga ya kawaida. Bonde lijulikanalo kuwa lina mazuku likizungushiwa alama, hiyo ni kinga, maana hatari yajulikana. Lakini serikali ikizuia watu kujenga katika bonde ambalo wataalamu bado wanabishana juu yake, hiyo ni tahadhari. Kinga hupambana na hatari iliyo dhahiri. Tahadhari hupambana na hatari yenye shaka.

Lakini si kila shaka yatosha. Kama ingekuwa hivyo, hakuna mtu angejenga wala kulima. Tamko la Rio lataka kwanza madhara yanayoogopwa yawe makubwa, au yawe ya namna isiyorekebishika. Lataka pia hatua zinazochukuliwa ziwe na gharama inayolingana na jambo lenyewe. Na wanasheria huongeza ya kuwa shaka sharti iwe na msingi wa vipimo, si uvumi wa sokoni, na ya kuwa hatua iliyochukuliwa iangaliwe upya kila elimu inapoongezeka. Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, aliongeza sababu ya kibinadamu: kanuni hii huwalinda wanyonge, ambao hawana uwezo wa kukusanya ushahidi usiopingika. Ndivyo ilivyo. Mvuvi wa Kituku hana chombo cha kupima gesi mita 300 chini ya mtumbwi wake.

SIKU ZA MEI 2021

Watu wa Goma waliionja kanuni hii kwa miguu yao wenyewe. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ulipasuka. Lava ilishuka hadi ukingoni mwa mji, ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Siku zilizofuata ardhi ilitetemeka mara nyingi na nyufa zikaonekana njiani. Vyombo vya wataalamu vilionyesha ya kuwa mawe yaliyoyeyuka yalikuwa yamejipenyeza chini ya mji na kuelekea chini ya ziwa.

Alfajiri ya tarehe 27 Mei gavana wa kijeshi alitangaza ya kuwa mitaa 10 kati ya 18 ya mji ihame mara moja. Alieleza ya kuwa haikuwezekana kuondoa uwezekano wa mlipuko nchi kavu au chini ya ziwa, tena pengine bila dalili ya kutosha kabla yake. Mamia ya maelfu ya watu wakaondoka, wengine kwa miguu kuelekea Sake, wengine kuvuka mpaka wa Rwanda, wengine kwa mashua hadi Bukavu. Wengi walilala nje, maji yakawa haba.

Ziwa halikulipuka. Mwanzoni mwa Juni watu wakaruhusiwa kuanza kurudi. Ndipo maneno yakaanza: "Tuliteswa bure."

Je, waliteswa bure? Tuitumie mizani yetu. Uamuzi wa tahadhari haupimwi kwa yale yaliyotokea baadaye; hupimwa kwa yale yaliyojulikana saa ile ya kuamua. Usiku ule vipimo vilionyesha mawe ya moto chini ya mji wenye watu wengi kando ya ziwa lenye gesi. Ni kweli kulikuwa na sababu ya kutumaini. Mwaka 2002, mwezi wa Januari, lava ilipita katikati ya Goma ikaingia ziwani, wala gesi ya vilindini haikutikisika, kwa sababu lava ile haikushuka hadi kina chenye gesi nyingi. Lakini lava itiririkayo kutoka ufukoni si sawa na mlipuko utokao chini ya sakafu ya ziwa. Hakuna aliyeweza kusema kwa hakika. Kosa moja lingegharimu siku za taabu. Lile jingine lingegharimu mji.

Hata hivyo wenye kunung'unika walikuwa na haki katika jambo moja. Tahadhari nayo ina gharama, na gharama ile iliwaangukia wasio na kitu: aliyeacha duka lake wazi, mgonjwa aliyebebwa mgongoni, mtoto aliyekunywa maji machafu. Amri ya kuhama isiyoandaliwa maji, vyoo na mahali pa kulala imeifanya nusu tu ya kazi yake. Kanuni yataka hatua zilingane na hatari. Na kulingana huko ni pamoja na kuwatunza wanaotii.

KUTOA GESI: HATARI MBILI KATIKA JAMBO MOJA

Wengine hudhani ya kuwa tahadhari maana yake ni kukataa kila jambo. Ziwa letu lakanusha mawazo hayo.

Methani iliyomo ziwani yaweza kuwaka na kutoa umeme. Nchini Rwanda kituo cha KivuWatt, karibu na Karongi, kilianza kutoa umeme wa megawati kama 26 katika miaka ya 2015 na 2016. Kwa upande wa Kongo, mwezi wa Julai 2022 serikali iliweka mnadani vitalu vitatu vya gesi katika ziwa hili: Makelele, Idjwi na Lwandjofu.

Namna ya kuitoa ni hii. Bomba hushushwa hadi mita kama 350. Maji yakianza kupanda ndani yake, uzito unaoyabana hupungua, mapovu hutokea, na mapovu hayo huyavuta maji juu yenyewe. Juu ya jukwaa gesi hutengwa na maji, kisha huoshwa kwa maji mengine ili hewa ya ukaa iondoke na methani ibaki. Maji yaliyokwisha kutolewa gesi hurudishwa ziwani.

Swali lote la tahadhari limo katika sentensi hiyo ya mwisho: hurudishwa katika kina gani? Yakirudishwa juu mno, hupeleka kwenye maji ya samaki chumvi, mbolea na gesi yenye sumu inukayo kama yai bovu. Yakirudishwa mahali ambapo uzito wake haulingani na wa maji yaliyopo, yaweza kuivuruga ile tabaka nzito ambayo ni kizibo cha chupa yetu. Kwa hiyo mwaka 2009 kundi la wataalamu liliandika, kwa ajili ya Kongo na Rwanda, masharti ya namna ya kutoa gesi bila kuvunja tulizo la ziwa.

Lakini kuiacha gesi pia si usalama kamili. Mwaka 2005 wataalamu walitangaza ya kuwa methani ilionekana imeongezeka tangu miaka ya 1970, na wakaonya ya kuwa hatari inakua. Mwaka 2020 wataalamu walichapisha vipimo vipya vilivyofanywa kwa vyombo mbalimbali na kulinganishwa. Havikuonyesha ongezeko la kutia hofu. Tazama jinsi elimu inavyogeuka. Aliyesema mwaka 2005, "Toeni gesi haraka, la sivyo tutakufa," alikuwa na sababu. Na anayesema leo, "Hatuna haraka, tufanye polepole na kwa kupima," ana sababu bora zaidi. Kanuni ya tahadhari yamtaka kila mmoja abadili hatua yake vipimo vinapobadilika.

KANUNI MBILI ZIKISHIKANA MIKONO

Basi kampuni ikija kutaka kutoa gesi mbele ya Goma, kanuni hizi mbili zafanya kazi pamoja. Tahadhari hutangulia. Sheria ya mwaka 2011 yataka, kabla ya kazi ya namna hii, ufanyike uchunguzi wa athari zake kwa mazingira na kwa watu, na wananchi waulizwe hadharani. Katika uchunguzi huo mzigo wa kuonyesha ni wa anayetaka kuanza. Si mvuvi athibitishe ya kuwa bomba lina hatari. Ni kampuni ieleze kwa vipimo kwa nini halina. Kisha kazi ianze kwa kiasi kidogo, na vyombo vya kupima viwekwe, na ijulikane mapema ni kipimo gani kikionekana bomba lifungwe siku hiyo hiyo.

Kanuni ya mchafuzi hulipa hufuata bega kwa bega, lakini kwa madhara yanayolipika: samaki waliokufa katika ghuba, ufuko ulioharibika, maji yasiyonyweka. Hapa fedha iwekwe amana mapema, kabla ya kazi kuanza, kwa maana kampuni iliyofilisika hailipi mtu. Sheria ya madini ya Kongo yataka amana ya namna hiyo kwa migodi, ili mashimo yafukiwe hata mwenye mgodi akitoweka. Hoja hiyo hiyo yafaa kwa ziwa.

Sharti pia tuseme wazi ya kuwa sheria iliyoandikwa haijisimamii yenyewe. Mwezi wa Januari 2025 Goma iliingia mikononi mwa kundi la M23, na mtu aweza kuuliza: amri ya Kinshasa itatekelezwa na nani? Swali hilo ni la haki. Lakini maji ya ziwa hayatambui mpaka wala mtawala. Kosa lililofanywa ufuko mmoja litaufikia wa pili, na bomba linalotiwa bila uchunguzi lina hatari ile ile, yeyote aliyeweka sahihi.

Kwa hiyo msomaji atakapoitwa siku moja katika mkutano wa mtaa, akaambiwa mradi umeletwa, asiulize kwanza utatoa kazi ngapi. Aulize maji yatarudishwa mita ngapi chini ya uso wa ziwa, na ni nani atakayepima. Aulize ni kipimo gani kitakachosimamisha kazi, na ni nani mwenye mamlaka ya kuisimamisha. Aulize amana ni kiasi gani, na imewekwa wapi. Na penye dhara ambalo hakuna amana iwezayo kulilipa, aulize kwa nini lijaribiwe. Anayeleta mradi akiyajibu hayo kwa tarakimu, yafaa asikilizwe. Akijibu kwa ahadi tu, mkutano na umtume akapime kwanza, kama mama auwekavyo kando uyoga asioujua.